Spea nyembamba au spea kamili? Hesabu ya anayetoka Malindi kwenda Mokowe

Gari letu lilikuja na spea nyembamba, ile ambayo wengine huiita donati. Matairi yake ya kawaida ni 195/65R15, na spea imeandikwa T125/70D15. Nimeibeba miaka kadhaa, halafu nikaibadilisha nikaweka spea kamili, tairi na rimu sawa na mengine manne. Tangu hapo kila anayefungua buti langu huniuliza kama ilikuwa lazima. Jibu langu ni kwamba inategemea njia unayopita. Anayekwenda Kilifi na Mombasa simshawishi abadilishe. Anayevuka Gongoni kuelekea Garsen na Mokowe, kwenye gati ya kuvukia Lamu, namwambia atafute spea kamili, lakini asiitafute kama hana nia ya kuitunza, kwa sababu spea kamili isiyokaguliwa ni mzigo tu.

Tuanze na ile nyembamba, maana ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi.

Herufi T ni ya tairi la muda. 125 ni upana kwa milimita, D inaonyesha nyuzi zake zimepishana kwa mshazari, tofauti na R ya matairi ya kawaida. Baada ya hapo huwa kuna 95M, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. M kwenye jedwali la matairi ni kilomita 130 kwa saa, na 95 ni uzito wa kilo 690. Tairi langu la kawaida ni 91, yaani kilo 615. Kwa maandishi, kijitairi hiki kinabeba zaidi ya lile kubwa na kinakimbia hadi 130. Mbona basi rimu ina stika inayosema 80 km/h?

Kwa sababu kikomo cha 80 kimewekwa kwa ajili ya gari zima. Ukipiga hesabu ya saizi zilizoandikwa, tairi langu la kawaida lina kipenyo cha milimita 634 na donati milimita 556. Kona moja ya gari inashuka karibu sentimita 4. Mguu mmoja unakanyaga lami kwa upana wa kiganja huku mitatu ikikanyaga kwa upana wake wa siku zote, kwa hiyo ukishika breki ya ghafla gari linavuta upande mmoja, na usukani ukiukata kwa kasi unajibu tofauti kushoto na kulia. Kwenye 60 au 70 unalisikia na kulirekebisha. Kwenye 110, ng'ombe akikatiza mbele yako pale Marereni, huna nafasi ya kurekebisha kitu.

Na zile kilo 690 zina sharti lake. Ni za tairi lenye upepo wa PSI 60, karibu mara mbili ya matairi ya kawaida. Upepo ndio unaobeba gari. Ukiitia 30 kama ulivyozoea, uwezo wake wa kubeba unaporomoka, ukuta wake unajikunja kila mzunguko, na kujikunja huko ndiko kunakopika mpira. Ubaya ni kwamba kwa macho huoni kitu: ukuta wa donati ni mgumu, ikiwa na 25 inaonekana imesimama wima kama yenye 60. Kuipiga teke au kuigonga na spana hakukuambii chochote. Ni geji tu.

Siku moja nilimpelekea fundi wangu wa pancha hapa mjini.

"Fundi, nitilie sitini."

"Sitini? Hii ama ya lori?"

"Hii."

Akacheka, akaweka thelathini na tano, akaniambia, "Hiyo yatosha, bwana, itakupasukia." Ikabidi nimfutie vumbi ukutani mwa tairi aisome mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akaenda kurekebisha kompresa. Simlaumu, kwa siku nzima hajazi gari dogo zaidi ya arobaini. Lakini nadhani donati nyingi zinazotembea pwani hii ziko nusu ya upepo kwa sababu ya huruma ya namna hiyo.

Umbali ni jambo lingine. Vitabu vingi vya magari hutaja kilomita 80 au karibu na hapo, vingine havitaji namba, vinasema tu uende kwa fundi aliye karibu. Sababu kubwa ni mpira wenyewe: meno ya donati mpya huwa na kina cha milimita 3 hivi, ilhali tairi la kawaida jipya huwa na 7 au 8. Kwa vile alama ya kuisha ni milimita 1.6, hakuna cha kuchezea. Watu huzichukulia kilomita hizo 80 kama tiketi inayoanza upya kila unapopata pancha. Mpira haukui tena. Ukitembea 60 mwaka huu na 50 mwaka ujao, tairi limetembea 110. Na gari likiwa limetoka Japani na miaka yake, hujui mwenye nalo wa kwanza aliitumia mara ngapi, kwa hivyo angalia zile alama ndogo ndani ya mifereji kabla hujaiamini.

Kuna sababu ya pili, nayo iko kwenye difu. Kwa saizi zangu, tairi la kawaida linazunguka kama mara 502 kwa kilomita na donati mara 572. Zikikaa kushoto na kulia kwenye ekseli inayosukuma gari, difu inalipa tofauti ya mizunguko 70 kila kilomita, hata barabara ikiwa imenyooka. Kazi hiyo iliundiwa kona, si safari nzima. Ndiyo maana gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, pancha ikiwa mbele, donati inafungwa nyuma na tairi zima la nyuma linaletwa mbele. Unapandisha jeki mara mbili, unapoteza dakika kumi, lakini difu inapumzika na usukani unabaki na mpira wa kawaida. Kwa gari linalosukuma magurudumu yote manne mambo ni magumu zaidi, maana hakuna ekseli ya kuificha. Soma kitabu cha gari hilo kabla ya safari. Subaru za zamani za automatiki zina nafasi ya fyuzi iliyoandikwa FWD, ya kuzima usukumaji wa magurudumu ya nyuma donati ikiwa imefungwa, lakini usibahatishe kwa kusikia.

Sasa nieleze siku iliyonifanya nibadilishe.

Tulikuwa tunakwenda harusi Lamu, mimi, mke wangu, watoto wawili na shemeji, mabegi yamejaa hadi kioo cha nyuma. Tulipita Minjila, na kama kilomita 20 mbele, kipande cha chuma kikachana ukuta wa tairi la mbele kushoto. Mpasuko wa ukutani hauzibiki. Kiraka na plagi ni vya sehemu inayokanyaga lami, ukuta unajikunja na kutema kila kitu. Kwa hiyo nilijua papo hapo kwamba sitafuti fundi wa pancha, natafuta tairi.

Tukashusha mabegi yote ukingoni ili tuifikie spea. Nikaipima: 28. Ilikuwa na 60 nilipoitia, na sikuigusa tangu hapo, zaidi ya mwaka mmoja. Kusubiri ilikuwa hakuna maana, na njia ile si ya kukaa kando hadi giza liingie. Lori lililokuwa linatoka Lamu likasimama. Utingo wake akateremka na mpira mrefu wa upepo unaochomekwa kwenye tangi la breki za lori, akaijaza. Nilishika geji mwenyewe hadi 60. Bila lori lile ningetembea na 28, gari limejaa watu, jua la saa nane.

Donati ikaenda nyuma, la nyuma likaja mbele. Lile lililopasuka sasa likakosa pa kulala, maana shimo la spea chini ya buti limeundiwa wembamba wa milimita 125, tairi la 195 haliingii. Likalala juu ya mabegi ya nguo za harusi, na weusi wake ulifika Lamu kabla yetu, kama alivyosema shemeji.

Hesabu iliyobaki ilikuwa hii. Kurudi Malindi ni kama kilomita 130. Kwenda Mokowe ni kama 90. Zote zinapita 80. Witu nilikuta fundi mzuri wa pancha, lakini tairi za 15 alizokuwa nazo hazikuwa na upana wangu, na nyingine zilikuwa za 14, ambazo haziingii rimu ya 15 hata ukizisali. Nikaenda 60 hadi 65 kwa saa, nikisimama mara mbili kugusa nati na kulitazama tairi, hadi Hindi, ambako nilipata la mitumba la saizi yangu. Ilikuwa karibu kilomita 80 kamili. Donati ilifika salama. Lakini ningelikosa tairi pale, ningefika Mokowe nimeshavuka kikomo, na kurudi nyumbani kungekuwa na kilomita 220 nyingine juu yake.

Ndipo nikaona swali la kuchagua linatakiwa kuulizwa hivi: katika njia zangu, ni wapi nitakuwa mbali zaidi na duka lenye tairi la saizi yangu? Kusini hesabu ni nyepesi. Malindi hadi Kilifi ni kilomita 60 hivi, Kilifi hadi Mombasa 60 nyingine, na miji yote mitatu ina maduka ya matairi. Popote utakapopata pancha, hauko zaidi ya kilomita 30 na kitu kutoka upande mmojawapo. Donati yenye upepo wake inakufikisha na akiba inabaki. Kaskazini, Minjila peke yake iko kama kilomita 110 kutoka Malindi. Mafundi wa pancha wapo njiani, Mambrui, Gongoni, Marereni, lakini nilichokuta mimi kwao ni mpira wa bodaboda, wa lori na wa Probox. Ukiwa na saizi ya kawaida ya Probox labda una bahati kuliko mimi. Ukiwa na rimu za 17 za urembo, usitegemee kitu.

Spea kamili inaondoa vikomo hivyo vyote kwa mkupuo. Ikifungwa, safari inaendelea kwa kasi yako ya kawaida na kwa umbali wowote, kwa sharti kwamba ni saizi ileile na mpira wake haujapishana mno na wenzake. Gharama yake ni nafasi, uzito wa kilo kadhaa za ziada, na kazi ya kuitunza. Kwenye gari langu sakafu ya buti imepanda karibu sentimita 7, nikaweka fremu ya mbao pembeni ili zulia lilale sawa. Boliti ya katikati inayoibana spea ilikuwa fupi, nikachongewa ndefu. Usiache kubana: tairi na rimu ya kilo 17 au 18 ikiruka kutoka buti kwenye ajali haichagui itakayemgonga.

Rimu ya mitumba nayo ina mtego. Idadi ya matundu kuwa sawa haitoshi, kwa kuwa duara la matundu hayo, tundu la katikati na kina cha rimu hutofautiana. Usinunue kwa kutazama. Mwambie muuzaji aifunge kwenye habu ya mbele ya gari lako palepale, uizungushe kwa mkono uone haigusi kalipa ya breki. Na kama gari lina rimu za aloi halafu spea ni ya chuma, angalia zile nati. Nyingine za aloi zina washa bapa, ilhali rimu ya chuma inataka nati yenye mdomo wa koni. Mimi nimeweka nati tano za koni kwenye kimfuko kilichofungwa kwenye jeki.

Halafu matunzo, ambapo wengi huanguka. Tairi zima lisilotumika hupoteza PSI moja hadi mbili kwa mwezi bila pancha yoyote, upepo unajipenyeza tu kwenye mpira. Stika ya mlango wa gari langu inasema 33. Spea naiweka 40. Nikijisahau miezi sita, ikapoteza 1.5 kila mwezi, imebaki na 31, inatembea. Ningeiweka 33 ingekuwa 24, na hapo naanza tena kutafuta utingo. Siku ya kuifunga, napunguza hadi 33 kwa geji. Kupunguza upepo njiani ni rahisi, kuongeza ndiko kuna tabu.

Ikipoteza zaidi ya hapo, kuna kinachovuja. Paka maji ya sabuni kwenye mdomo wa valvu, kwenye shina lake, na kuzunguka mpaka wa tairi na rimu. Huku kwetu kinachovuja mara nyingi ni hapo mpakani, kwa sababu ya kutu. Chumvi ya bahari inakula rimu ya chuma pale tairi linapokalia, na povu linatoka dogo dogo kama la chai ya maziwa. Kuongeza upepo hakutibu. Fundi alitoe tairi, asugue kutu kwa brashi ya waya hadi chuma, apake gundi ya rimu, alirudishe.

Magari yanayoning'iniza spea chini ya tumbo, kama pikapu nyingi, yana shida yao ya peke yake. Waya au mnyororo wa kuishusha hushikwa na kutu mpaka haushuki. Nimemwona mwenye pikapu Mokowe, gari limekaa siku nyingi karibu na gati huku yeye yuko kisiwani, anakata mnyororo kwa msumeno ndipo apate spea yake mwenyewe. Ishushe kila baada ya miezi mitatu, ioshe kwa maji baridi, paka grisi kwenye mnyororo, pima upepo, irudishe. Kazi ya nusu saa.

Umri nao haujali kama tairi limetembea. Ukutani kuna tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT. 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Watengenezaji wengi huweka mwisho wa miaka 10, spea ikiwemo, na tairi lililokaa juani chini ya gari huanza kupasuka mapema. Pinda ukuta kwa vidole: ukiona nyufa nyembamba kama za matope yaliyokauka, si la safari ndefu tena. Njia nzuri ya kuepuka spea kuzeekea butini ni kuizungusha pamoja na mengine, kila kilomita 10,000 hivi moja inaingia kazini na nyingine inapumzika. Hilo donati haiwezi.

Kwa hiyo kwa anayebaki kati ya Watamu, Kilifi na Mombasa, donati yenye PSI 60 na meno yaliyo juu ya alama inatosha, na buti linabaki la mizigo. Kwa anayekwenda Lamu hata mara tatu kwa mwaka, spea kamili. Aliyenayo tayari ila hana geji, anunue geji kwanza.

Ile nyembamba sikuiuza. Tukienda Kilifi na mizigo mingi, naitoa kubwa, naiweka hiyo nyembamba, na kabla hatujatoka napita kwa fundi. Siku hizi akiniona nashuka nayo anasema mwenyewe, "Sitini, siyo?"